Kati yetu tuandikiane jinsi tunavyosema



Juma hili tunarudi kwenye simu, lakini si kwa ajili ya mega wala bei ya uniti. Tunataka kusema juu ya namna tunavyoandikiana sisi wenyewe ndani ya kamati za AVEC zetu. Kuna jambo lilitupata hapa Bukavu, na karibu tupoteze mwenzetu kwa sababu ya ujumbe mmoja ulioandikwa vizuri kupita kiasi.

Mnajua kikundi kinavyopangwa. Kuna mwenyekiti, sekretere, mtunza sanduku na wahesabu pesa wawili. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zake tatu zinakaa kwa mama watatu wasio wa kamati, ili mtu mmoja asiweze kufungua peke yake. Sisi tuliwaweka wote wanane katika kikundi kimoja cha WhatsApp. Miaka yote tuliandikiana humo kama watu wanaopitana sokoni Kadutu: "Mama, uko wapi? Mvua imenikamata, munianzie." Hakuna aliyejali herufi kubwa wala nukta.

Kisha tulihitaji kuandika faili ya kuomba msaada wa mradi. Sekretere wetu alijifunza kuandika barua rasmi, na mwanawe aliye chuoni akamsaidia. Faili ilitoka nzuri, tukamsifu, naye akafurahi. Tangu siku ile akaanza kuandika kila kitu kwa mtindo ule ule, hata kutuuliza nani ataleta kiti cha ziada. Tuseme ukweli: mwanzoni tulijivuna kidogo. Tuliona kamati yetu imekuwa kama biro.

Halafu mshika ufunguo mmoja, ambaye hapa tutamwita Mama Mapacha tu, akakosa mikutano miwili mfululizo. Ufunguo wake haukuja, sanduku halikufunguka, na mama mmoja aliyetegemea mkopo wa kununua makaa akarudi nyumbani mikono mitupu. Jioni ile ujumbe huu ukaingia katika kikundi:

"Kwa mshika ufunguo namba 2. Kuhusu: kutohudhuria kikao. Unaarifiwa kwamba kutokuwepo kwako kumesababisha sanduku kutofunguliwa. Unaombwa kufika kikao kijacho bila kukosa ao kukabidhi ufunguo kwa kamati. Kanuni za ndani zitatumika. Asante kwa ushirikiano wako. Kamati."

Hakuna tusi humo, na hakuna uongo. Lakini asubuhi yake mdogo wake Mama Mapacha alikuja na ufunguo umefungwa ndani ya kitambaa, akauacha kwa mwenyekiti, akaondoka bila kukaa. Mama Mapacha mwenyewe akatoka katika kikundi cha WhatsApp. Juma lililofuata hakuja wala hakutuma pesa ya kununua parti.

Mwenyekiti alikwenda kwake kwa miguu. Akakuta mtoto mmoja wa mapacha ana malaria kali, siku ya tisa sasa, na mama amekopa dawa kwa jirani. Kikundi chetu kina mfuko wa mshikamano kwa ajili ya ugonjwa wa namna hiyo, na yeye amechangia kila juma. Hakuuomba. Aliposoma ujumbe ule aliona konvokasio, kama ile karatasi inayoletwa kwenye parsele na mtu wa polisi, akafikiri kuna pesa imepotea na sisi tunamtafuta yeye. Alimwambia mwenyekiti: "Wewe ukiandika, mimi nasikia sauti yako. Ile siku sikusikia mutu."

Tulikaa na ujumbe ule tukautazama neno kwa neno, na tunawaomba nanyi muutazame. Kwanza hauna jina. Mtu tuliyekula naye miaka mitatu amekuwa "mshika ufunguo namba 2". Pili, hakuna anayesema: "unaarifiwa", "unaombwa", lakini nani anaomba? Mtu asipojua ni nani, anawaza ni wote, na kwamba wote wamekwisha kukaa na kumhukumu. Tatu, haukuuliza kitu. Swali la kwanza la kila mama wa hapa lingekuwa "kwako ni salama?", na hilo ndilo lingetupa habari ya mtoto. Tena ulitumwa mbele ya watu wengine saba, na ulifungwa kwa kanuni na shukrani ya baridi.

Lakini ona jambo hili. Katika barua ya kwenda kwa chefu wa kartie ao kwa shirika, kila kitu hicho kina kazi yake. Msomaji wa biro hatujui, kwa hiyo cheo kinamsaidia kuliko jina. Neno "kuhusu" linamwezesha kuiweka barua katika faili inayofaa. Kamati inasema kwa pamoja kwa sababu kesho mwenyekiti anaweza kuwa mwingine. Kati yetu wanane hakuna anayeweka faili, na hakuna asiyemjua mwenzake. Basi maneno yale yanapokosa kazi yake, msomaji anayatafutia kazi nyingine, na kazi anayoipata ni hasira.

Ujumbe ambao ungetosha ni huu, tuliouandika baadaye pamoja na sekretere mwenyewe: "Mama Mapacha, jambo. Hatukukuona mara mbili, kwako ni salama? Watoto wameamuka namna gani? Ufunguo iko kwako, nitume mukubwa wangu akuje kuukamata ao utakuja mwenyewe?" Unatumwa kwake peke yake. Kiswahili chake ni cha nyumbani na hakuna haja ya kukinyoosha. Na kazi inafanyika yote: ufunguo umetajwa, na njia mbili za kuupata zimetajwa.

Baada ya hapo tulikumbuka dalili ambazo tungepaswa kuziona mapema. Tangu mtindo mpya uanze, majibu yalikuwa yamefupika hadi "Sawa" na kidole gumba. Ujumbe wa sauti ulikuwa umekwisha kabisa. Mama wawili walikuwa wakipigiana simu pembeni kuulizana mambo ambayo zamani yaliulizwa mbele ya wote. Na tunakumbuka kwa aibu siku mama mmoja alipoandika "bado niko kwa njia", naye akasahihishwa hadharani kwamba inaandikwa "njiani". Mama yule aliacha shule mapema na kuandika kunamgharimu. Hakuandika tena miezi miwili. Ukiona kikundi chenu kimenyamaza hivyo, msifikiri kimepata adabu.

Sasa, kuna mama atakayesema: basi tuandike ovyo tu. Hapana, kwa sababu tuliwahi kupata hasara upande huo pia. Mtunza sanduku aliandika siku moja: "Ile pesa nimempatia, ataleta ile siku." Siku ile sote tulielewa. Juma la tatu hatukukumbuka ni pesa gani, ni nani, wala siku ipi, na mabishano yalichukua mkutano mzima. Ujumbe wa pesa unasomwa tena baadaye, mara nyingine na mtu ambaye hakuwepo. Huo ndio unaostahili kunyooshwa: jina kamili la aliyekopa, kiasi, tarehe ya kutoa, tarehe ya kurudisha. Kwa mfano mkopo wa franka 150.000 kwa faida ya asilimia 10 kwa mwezi unaandikwa "atarudisha 165.000", namba yenyewe, ili kila mtu asipige hesabu yake. Usiutume kwa sauti peke yake, maana sauti hutaitafuta ukaipata katikati ya nyingine arobaini. Kwa ajili ya mama wasiosoma, tuma sauti na mstari mmoja wa maandishi chini yake. Na kitabu cha kikundi kinabaki ndicho ushuhuda, si simu.

Kwa hiyo kabla ya kutuma tunajiuliza maswali mawili tu. Je, ujumbe huu utasomwa tena baada ya mwezi, ao na mtu asiyetujua? Kama ndiyo, tunaunyoosha. Kama hapana, swali la pili: ningesimama mlangoni kwake, ningeyasema maneno haya haya? Kama ulimi unakataa kuyatamka, kidole nacho kisiyaandike.

Ujumbe ulio mgumu ni ule wenye mambo yote mawili, hasa kumkumbusha mtu deni. Hapo tumeamua hivi: salamu na sababu viwe vya nyumbani, namba iwe ya kitabu, na uende kwake peke yake. "Dada, habari ya biashara? Nakukumbusha tu ile 165.000, siku yake ni Jumatano. Kama kuna shida uniambie mbele, tuone pamoja." Namba haikufichwa kwa haya, wala mtu hakutishwa. Ukimwandikia namna hiyo mara mbili asijibu, mwendee kwa miguu. Barua rasmi inakuja baada ya mkutano kuamua, na hapo ni haki iwe rasmi, kwa sababu ni uamuzi wa kikundi na si neno la rafiki.

Juu ya kilio tutasema kifupi. Tangazo moja la kamati linatosha, lenye mahali, saa ya mazishi na mchango. Lakini tumeona mama ishirini wakinakili "Kamati na wanachama wanatoa rambirambi zao za dhati", mmoja baada ya mwingine, kwa mama aliyezika mumewe. Ishirini walisema na hakusikia hata mmoja. Andika "pole mama yangu, niko nakuja jioni", ao tuma sauti hata kama unalia ndani yake.

Jambo moja la mpangilio limetusaidia. Tumegawa kikundi mara mbili. Kimoja ni cha matangazo, na tumekiweka ili viongozi tu waweze kutuma; humo mna tarehe, namba na maamuzi. Kingine ni cha maneno yetu, na humo hakuna anayesahihishwa. Akiingia mgeni katika kile cha pili, kwa mfano mwezeshaji wa mradi, tunajua kwamba kimebadilika, nasi tunachunga maneno.

Sekretere wetu aliumia kidogo, na tulimwelewa, maana alikuwa ametumikia kwa moyo. Bado barua zote za nje ni zake. Yeye ndiye aliyempelekea Mama Mapacha pesa ya mfuko wa mshikamano, na ufunguo ndani ya kitambaa kile kile. Jumatano iliyopita, nusu saa kabla ya mkutano, ujumbe ukaingia kutoka kwa Mama Mapacha: "Musifungue bila mimi, niko kwa njia." Sekretere akajibu: "Kuja tu mama, tuko nakungoja."