MAITI 51, FAINI DOLA 85,000

Kijana msomaji, jukwaa la ujenzi likianguka, mkandarasi husema ni kazi ya Mungu, wakubwa hutoa rambirambi, kisha kimya. Usikubali kufungwa mdomo kwa rambirambi. Uliza: nani alikagua, lini, na nini kilibadilishwa?

Yaliyotokea Willow Island, West Virginia, Marekani, Aprili 27, 1978 yanakuonyesha kwa nini. Mafundi na vibarua walikuwa wakijenga mnara wa kupozea maji ya mtambo wa umeme, wakiwa juu kama meta 50. Jukwaa lao halikusimama ardhini. Lilifungwa kwa bolti kwenye ukuta wa zege wa mnara wenyewe, na kila ukuta ulipopanda, nalo lilipandishwa. Maana yake, zege la jana ndilo lililobeba watu wa leo.

Zege la jana lilikuwa bichi. Lilimwagwa Aprili 26, usiku ukawa wa baridi, na baridi huchelewesha zege kukomaa. Asubuhi kazi ikaendelea. Ndoo ya tatu ya zege ilipokuwa ikivutwa juu, ukuta mchanga ukabomoka, na jukwaa likabanduka kuzunguka mnara mzima. Hakukuwa na majeruhi wa kupelekwa hospitali. Wote 51 waliokuwa juu walikufa.

Je, ukaguzi? Wachunguzi wa serikali walikuta kwamba zege lile halikuwa limefikia ugumu uliotakiwa, na kwamba kampuni haikulipima ipasavyo kabla ya kulibebesha mzigo. Je, matunzo? Bolti nyingine hazikuwapo, nyingine zilikuwa dhaifu. Mtambo wa kupandishia zege ulikuwa umebadilishwa bila injinia kuhakiki. Ngazi ya kushukia ilikuwa moja tu. Hiyo ni kazi ya Mungu?

Kesi ikamalizwa kwa faini ya takriban dola 85,000. Gawa kwa 51: kama dola 1,700 kwa kichwa. Hakuna aliyefungwa.

Wewe unayepanda mirunda iliyofungwa kwa kamba na misumari, usiseme hayo ni ya Wazungu. Kanuni za Uingereza za 2005 zinataka jukwaa la juu ya meta mbili likaguliwe kila siku saba, na tena baada ya upepo mkali au tukio lolote linaloweza kulilegeza, na ukaguzi uandikwe. Kwa hiyo kabla ya kupanda, omba uone daftari. Tazama tarehe ya mwisho, jina na sahihi. Tazama miguu ya jukwaa imekaa juu ya nini, na kama limefungwa kwenye ukuta uliokomaa au uliomwagwa jana.

Daftari lisipokuwapo, jibu umeshalipata. Na jukwaa likianguka, daftari hilo ndilo la kudai kwanza, kabla halijapotea.