Katibu wa Wapi, Chama cha Wapi?

Hapa Nakuru husikika sana ‘katibu ya chama ya walimu ya Nakuru’. Wapo wanaodai kwamba kosa hilo halina madhara, maadamu ujumbe umefika. Je, umefika? Katika ‘katibu wa chama cha walimu cha Nakuru’, a-unganifu wa mwisho hurejelea chama pekee. Tukisema ‘wa Nakuru’, wa Nakuru ni walimu, au ni katibu mwenyewe, kwani ngeli ya A-WA hutumia ‘wa’ katika umoja na wingi. Utata huo ni wa sarufi yenyewe, nao huondolewa kwa kubadili mpangilio: ‘katibu wa Nakuru wa chama cha walimu’. Lakini ‘ya’ ikitawala kote, hata chama hakitambulikani tena.