Nukta Ilinikosanisha na Rafiki

Rafiki yangu alihitimu mwaka jana. Mimi chuo nilikiacha mwaka wa pili, na yeye anajua. Akaposti picha akiwa na joho, nami nikaandika: "Hongera. Umeweza." Nilimaanisha kila neno. Yeye akasoma wivu, akaninyamazia wiki nzima.

Nukta ndiyo iliyoniponza. Kwenye barua, nukta hufunga sentensi tu. Kwenye simu, ukishatuma ujumbe sentensi imeisha, kwa hivyo nukta inatafutiwa maana nyingine. Mwaka 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Binghamton, Marekani, walionyesha kwamba jibu fupi la simu likiwa na nukta huonekana halitoki moyoni. Jibu hilohilo likiandikwa kwa mkono, nukta haikubadilisha kitu.

Basi wanaosema emoji ni za watoto watupishe. Ana kwa ana nina sauti na macho. Kwa simu nina vidole tu. Lakini si kila emoji inaokoa. Hii 🙂 ingeniharibia zaidi, maana wengi wetu huituma tukiwa tumekasirika kimyakimya. Alama tano za mshangao nazo zinanuka kejeli. Moja inatosha.

Mwishowe nilimwandikia: "Hongera sana! Nakumbuka ukisoma na tochi ya simu stima zikipotea 🥹". Emoji iliweka sauti, lakini ushahidi ulikuwa ile tochi. Mtu wa kejeli hajisumbui kukumbuka.

Akajibu: "😭😭 Kumbe ulikuwa serious"

Bila nukta.