Tangazo la Kunawa Mikono Lisikike, Lisisomwe Tu

Ugonjwa wa Korona ulipoingia nchini mwaka 2020, matangazo ya kunawa mikono yalienea kila mahali. Mengi yalikuwa tafsiri za Kiingereza, na tafsiri za namna hiyo hata leo zinasomwa redioni kama zilivyo. Hebu tutazame mfano huu:

"Unawaji wa mikono kwa matumizi ya maji yanayotiririka na sabuni unapaswa kutekelezwa kwa muda usiopungua sekunde ishirini, hususan baada ya matumizi ya choo na kabla ya utayarishaji na ulaji wa chakula."

Sarufi haina kosa. Lakini msikilizaji hungoja hadi neno la kumi na moja ndipo akutane na kitenzi kikuu, na hana ukurasa wa kurudia. Vitendo vyote vimegeuzwa kuwa nomino: unawaji, matumizi, ulaji. Hakuna mtu anayenawa.

Kuna kasoro kubwa zaidi. Katika desturi zetu, "kunawa" ni kumiminiwa maji kabla ya mlo, mara nyingi bila sabuni. Kwa hiyo mkazi wa Free Area, hapa Nakuru, akiambiwa anawe, hujibu moyoni kwamba hunawa kila siku. Jambo jipya kwake ni sabuni, nayo imefichwa katikati ya sentensi. Nayo "maji yanayotiririka" humfanya asiye na mfereji adhani hahusiki, hali kibuyu chirizi kinatosha.

Tujaribu upya:

MAMA: Mwanangu, umetoka chooni ukaja moja kwa moja kwenye ugali?
MTOTO: Nimenawa, mama.
MAMA: Kwa sabuni?
MTOTO: Aa, kwa maji.
MAMA: Maji matupu hayatoshi! Rudi kwenye kibuyu chirizi. Paka sabuni, sugua viganja, katikati ya vidole na chini ya kucha, ukihesabu moja hadi ishirini. Kisha suuza. Ukitoka chooni, kabla ya kupika, kabla ya kula: sabuni!

Maneno ni kama hamsini, yanatosha nusu dakika bila kukimbizwa. Sekunde zimekuwa hesabu, kwa kuwa anayenawa hatazami saa. Sabuni imetajwa mara tatu, na ndilo neno la mwisho linalobaki sikioni. Hakuna agizo la afya lililopotea.

Wapo watakaosema uchangamfu ni Sheng. La hasha. Sheng ingemwacha nyanya nje, na yeye ndiye anayewalisha wajukuu. Mazungumzo haya ni Kiswahili sanifu, ila ni cha kinywani.

Walimu na wanafunzi wanaweza kuyapima matangazo yote mawili darasani. Msomee mtu mara moja tu, kisha mwambie akuonyeshe kwa mikono yake alichosikia. Asiponyosha mkono kutafuta sabuni, usimlaumu yeye, andika upya.