Faida tunayokula, mara nyingi ni mutaji

Kila juma, kwenye soko letu la Malemba-Nkulu, tunasikia mazungumuzo yale yale. Mwalimu anasimama mbele ya meza, anashika kikopo cha sukari, anauliza: «Mama, juu ya nini bei imepanda tena? Miye mushahara yangu haiyapanda.» Muuzaji anajibu: «Papa, si miye, ni dola.» Wote wawili wanasema kweli, na wote wawili wanarudi nyumbani na hasira. Sisi tunaouzisha tunafikiri imefika wakati tuseme wazi namna tunavyopandisha bei, kwa maana wengi wetu tunaipandisha vibaya: kwanza tunachelewa, kisha tunaruka.

Mali yetu inatoka mbali. Sukari, sabuni, chumvi, betri na nguo vinatoka Lubumbashi, vinafika Bukama kwa treni ao kwa lori, kisha vinashuka na muto Lualaba ndani ya mashua. Mali nyingi kati ya hiyo imeingia inchini kwa kupita Kasumbalesa, na aliyeiingiza alilipa kwa dola. Sisi tunaiuzisha kwa franka. Kati ya siku tunaponunua na siku kikopo cha mwisho kinapouzwa, mwezi mzima unaweza kupita, na wakati wa mvua ni zaidi. Ndani ya mwezi ule, dola, mafuta ya mashua na mufuko wenyewe vinaweza kupanda. Bei yetu imelala pale pale.

Tuhesabu pamoja. Hesabu hii ni ya mufano, lakini kila muuzaji ataona yake ndani. Mama mmoja ananunua mufuko wa sukari wa kilo 50 kwa franka 150.000, anatoa 20.000 ya safari. Jumla ni 170.000. Anaugawa kwa vikopo 200 vya gramu 250, kila kimoja franka 1.000. Vikiisha, iko na 200.000 mukononi. Anasema: nimepata faida 30.000. Ile 30.000 inalisha watoto: unga wa bukari, daftari, dawa. Hakuna ubaya.

Sasa anatuma feza tena Lubumbashi. Anaambiwa mufuko na safari ni 182.000. Yeye iko na 170.000. Anakopa 12.000. Safari ya pili anafanya kama desturi: anachukua bei aliyonunulia, 182.000, anaongeza faida yake ya 30.000, anauzisha kwa jumla ya 212.000. Watoto wanakula 30.000, analipa deni la 12.000, anabaki na 170.000. Lakini mufuko umefika 195.000. Anakopa 25.000. Safari ya tatu mambo ni yale yale, mufuko umefika 209.000, anakopa 39.000. Kila mara daftari yake inaonyesha faida 30.000. Kila mara deni linakuwa kubwa. Siku moja yule anayemukopesha atakataa, na meza itabaki bila mutu. Majirani watasema amelogwa, ao anapenda sana nguo. Hapana. Alikuwa anakula mutaji wake kidogo kidogo, akifikiri ni faida.

Kosa liko mahali pamoja tu: alihesabu kwa bei aliyonunulia, badala ya bei ya kurudishia mali. Swali la kujiuliza asubuhi si «nilinunua ngapi?» Swali ni «kama ninatuma feza leo, mufuko huu utanifikia hapa Malemba kwa ngapi?» Jibu hilo njo musingi wa bei. Linalobaki juu yake njo faida ya kula. Kwa safari ya kwanza, faida ya kweli haikuwa 30.000, ilikuwa 18.000. Kupata habari si kazi ngumu: simu moja kwa mutu wa Lubumbashi, swali moja kwa mwenye mashua aliyefika Bukama jana. Ifanyike kila juma, si siku ya kwenda kununua tu.

Hapa watu watatuambia: basi munataka kupandisha bei kila juma, na sisi tunaolipwa kwa franka tutakula nini? Ni neno la haki, na linahitaji jibu. Mwalimu na muganga wanapokea hesabu ile ile, na mara nyingi inachelewa. Muvuvi yeye anaweza kupandisha bei ya samaki, lakini uvuvi ukifungwa ili samaki wazae, hata yeye hana kitu. Tukiruka na bei, hawatalipa zaidi, watanunua kidogo. Mama wa mufano wetu alikuwa anauzisha vikopo 8 kwa siku, mufuko unaisha kwa siku 25. Kama akipandisha mara moja na wanunuzi wakarudi hadi vikopo 5, mufuko utakaa siku 40. Ndani ya siku zile 15 za zaidi, bei ya kurudishia inapanda tena na kukula ile faida aliyotafuta. Ndiyo maana tunasema kila muuzaji ahesabu vikopo vya kila siku kabla ya kupandisha na kisha kupandisha. Vikopo hivyo vinasema kweli kuliko kelele za soko.

Shida ingine ni noti zenyewe. Kwa kurudisha mufuko wa 182.000 na kubaki na 30.000, anahitaji jumla ya 212.000, ni kusema kikopo kwa franka 1.060. Nani atarudisha franka 40 hapa kwetu? Kwa hiyo wengi wanaruka hadi 1.100, ao wanakaa kwa 1.000 na kukopa. Iko njia ya tatu: kuacha bei kwa 1.000 na kupunguza kipimo, mufuko utoe vikopo 212 badala ya 200. Ni karibu gramu 14 kwa kikopo, kijiko kimoja kikubwa. Wa kwanza wa kuondoka awe matabisi, kile tunachomwaga juu ya kipimo kwa kumufurahisha munuzi. Lakini ifanyike mbele ya macho yake, na neno lisemwe: «Bei ni ile, kipimo kimepungua.» Yule anayepiga chini ya meka kwa nyundo ili ionekane imejaa, huyo habadilishi bei. Anaiba. Na soko likijua, litamulipiza kwa mwaka mzima. Bei ya kurudishia ikikaribia franka 1.100 kwa kikopo pamoja na faida, basi turudishe kipimo kizima na tuseme bei mupya.

Tena, tuache desturi ya kupandisha kila kitu pamoja. Mihogo iliyolimwa ngambo ya muto haikununuliwa kwa dola. Mafuta ya mawese yanayotoka karibu yanapanda kwa sababu ya safari ao ya musimu, si kwa sababu ya Kasumbalesa. Kama sukari imepanda, tupandishe sukari. Munuzi ambaye mushahara wake umelala anajificha ndani ya vitu vya kwetu; tukimufunga na pale, atakuwa hana mahali pa kukimbilia.

Sasa deni. Hapa njo tunapoteza zaidi. Mwalimu anachukua vikopo 10 na kusema «mwisho wa mwezi». Tunaandika 10.000. Analipa kisha miezi miwili, kikopo kimefika 1.100, na 10.000 ile inanunua vikopo 9. Amelipa yote, na sisi tumepoteza kikopo. Wengine wanafanya sheria ya kukatalia kila mutu deni, lakini hapa, bila deni, nusu ya meza haiuzwi. Sisi tunashauri hivi: daftari iandike vitu, si feza tu. «Vikopo 10, kwa 1.000, tarehe fulani.» Akilipa siku mushahara unaofuata unapofika, analipa bei ya siku aliyochukua, hata kama bei imepanda, maana kuchelewa kwa mushahara si kosa lake. Mushahara ukipita naye hakulipa, analipa vikopo 10 kwa bei ya siku ya kulipa. Hiyo si riba. Mali inarudi kama ilivyotoka. Ni lazima lakini kumwambia siku anapochukua, si siku anapolipa.

Wazee wetu wanajua mwisho wa njia hii. Katika mwaka wa 1993, noti ya zaire milioni tano ilikataliwa, na mwezi wa kumi serikali ikaleta zaire mupya, moja kwa milioni tatu za zamani. Kasai, jirani zetu, walikataa kabisa zaire mupya na kubaki na zile za zamani. Wakati ule wauzaji walibadilisha bei asubuhi na magaribi, kisha wengi wakaacha kuuzisha kwa zaire na kurudi kwa kubadilishana chumvi na samaki. Leo hatuko pale. Lakini walioanguka wa kwanza walikuwa wale wenye kuhesabu kwa bei ya zamani.

Kunabaki kitu kimoja ambacho sisi wauzaji hatupendi kusikia. Mwishoni mwa mwaka wa 2025, franka ilipata nguvu: dola moja, iliyokuwa karibu 2.800, ilishuka chini ya 2.500. Wanunuzi wakangoja bei zishuke. Wengi kati yetu tulijibu: «Mali hii nilinunua wakati dola ilikuwa juu.» Lakini dola ilipopanda, ni sisi wale wale tuliosema bei ya zamani haihesabiki! Hatuwezi kushika sheria mbili. Kama mufuko wa 209.000 umeshuka hadi 195.000, tuuzishe kwa 195.000 na faida yetu. Daftari italia, ndiyo, lakini tukikula 30.000 zetu, 195.000 inabaki, na 195.000 inaleta mufuko muzima. Meza haikupunguka hata kikopo.

Siku munuzi ataona kwamba bei yetu inashuka kwa sababu ile ile iliyoipandisha, hatauliza tena kwa hasira. Ataangalia tu kipimo, atahesabu franka zake, na kama hazitoshi leo, atajua kwamba hatukumudanganya.