Ukituma picha bila swali, akili unde ijibu nini?

Siku hizi wengi wetu tuna akili unde kwenye simu, na wengi hatuandiki swali. Tunapiga picha au skrinshoti, tunatuma, halafu tunangoja. Sisi tunaona hakuna ubaya. Mtu mwenye mikono yenye udongo au mwenye wasiwasi huenda hana nafasi ya kuandika insha. Lakini mteja anastahili kujua jibu la busara linafananaje, kwa sababu hapo pesa inaweza kupotea.

Tuchukue mfano. Mama anauza viazi sokoni Karatina. Jioni, akifunga mzigo, meseji inaingia: amepokea Ksh 4,500 kutoka kwa mtu asiyemjua. Dakika mbili baadaye simu inalia. Ni kijana mwenye sauti ya huzuni: "Mathe, nimetuma kimakosa, hiyo ni pesa ya hospitali, tafadhali nirudishie." Mama anapiga skrinshoti ya ile meseji na kuituma kwa akili unde bila neno hata moja.

Kuna majibu mawili mabaya hapa. La kwanza ni kumwambia aandike swali kwanza, basi. Mama ameshikwa na haraka, na kijana anapiga tena. La pili ni kumhesabia vilivyo kwenye picha: kuna meseji, kuna tarehe, kuna kiasi cha pesa. Hayo yote ameyaona mwenyewe.

Jibu la busara huanza kwa kusema kwa ufupi picha ni ya nini: meseji inayodai kuwa pesa imeingia. Neno "inayodai" ni muhimu. Picha inaonyesha maandishi tu, haionyeshi akaunti. Tapeli anaweza kuandika meseji inayofanana kabisa na ya kweli, na modeli haina njia ya kuangalia salio la mama. Ikimhakikishia kuwa pesa imeingia, imekosea hata kama kwa bahati ilikuwa imeingia kweli.

Kisha inatazama kile ambacho picha inaweza kuthibitisha. Kwa wateja wa M-Pesa, meseji halisi hutoka kwa jina MPESA. Ikiwa juu ya skrinshoti kuna nambari ya kawaida ya simu, hiyo ni dalili mbaya, na modeli iitaje wazi. Ikiwa sehemu ya juu imekatwa, iseme kwamba haioni mtumaji, isikisie.

Halafu inampa hatua ambayo ni salama vyovyote itakavyokuwa: asitume chochote kwanza, aangalie salio mwenyewe kupitia *334# au apu. Kama salio halijaongezeka, hakuna cha kurudisha, na meseji hiyo ya utapeli anaweza kuipeleka kwa 333. Kama limeongezeka kweli, bado asitume kwa mkono. Aliyekosea ana njia yake: anapeleka meseji yake ya muamala kwa 456 na kuomba pesa irudishwe. Mtu mkweli hapotezi kitu kwa kuelekezwa huko.

Mwisho, inauliza swali moja fupi, kwa mfano kama kuna mtu anayemwomba arudishe pesa. Ni swali la maana kwa sababu picha ileile ingeweza kutumwa na kijana wake anayeandika hesabu za biashara, ambaye anataka tu kiasi na tarehe viingie kwenye daftari. Picha haisemi ni nani ametuma wala kwa nini. Maswali matano yangemchosha, na bila swali lolote modeli inabaki kubahatisha.

Tofauti inaonekana ukituma picha ya risiti ya tokeni ya stima. Hapo hakuna fumbo kubwa. Karibu kila mtu anataka zile tarakimu 20 ziandikwe vizuri, nne nne, ili aziingize kwenye mita. Modeli iziandike mara moja, na kama tarakimu moja imefifia iseme ni ipi. Kubahatisha kukiwa na hasara ndogo, tenda kisha uulize. Pesa ikiwa inaweza kutoka mkononi, linda kwanza.

Kwa upande wako, ukituma skrinshoti usikate jina la mtumaji, lakini ficha salio na nambari za watu wengine. PIN isionekane kamwe. Na ukiweza, ongeza maneno matatu tu: "Hii ni kweli?" Hata hivyo, jibu la swali hilo haliko kwenye picha. Liko kwenye salio lako, na ni wewe tu unayeweza kulifungua.