Kampuni haijazaliwa, deni limeshazaliwa: nani atalipa?

Mjini Butembo, mtu akitaka kuanzisha kampuni, mara nyingi anaanza na depo. Anatafuta nyumba, anatia sahihi mkataba wa kupanga, anachukua mzani na magunia kwa mkopo, na karatasi za serikali zinafuata baadaye. Kwenye mkataba anaandika jina la kampuni na kuongeza sahihi yake chini, akiamini kwamba deni ni la kampuni. Kumbe siku hiyo kampuni haiko bado.

Tangu Kongo ijiunge na OHADA mwaka 2012, jambo hili linaongozwa na sheria ya pamoja ya makampuni, iliyorekebishwa mwaka 2014. Kampuni inakuwa mtu mbele ya sheria siku inapoandikwa katika rejista ya biashara, RCCM. Kabla ya hapo haiwezi kudai wala kudaiwa. Aliyetia sahihi ndiye anayeshikwa, isipokuwa kampuni ichukue mkataba ule kwa njia ambayo sheria imeitaja.

Tuchukue mfano. Watu watatu wanapanga kununua kakao. Mwezi wa kwanza, mmoja wao anapanga depo kwa mwaka mzima, dola 500 kwa mwezi, na anakopa mzani na magunia ya dola 1.500. Mwezi wa tatu kampuni inaandikwa. Kodi inalipwa kutoka kwenye sanduku la kampuni mpaka mwezi wa nane, kisha bei ya kakao inaanguka na sanduku linabaki tupu. Mwenye depo anadai miezi minne iliyobaki, dola 2.000. Mwenye mzani anadai dola zake 1.500. Wote wawili wanagonga kwenye mlango wa yule aliyetia sahihi, na wana haki. Wenzake wawili, ambao hawakutia sahihi popote, wanalala usingizi.

Atajitetea kwamba kampuni ndiyo iliyokuwa ikilipa kodi miezi yote. Lakini sheria haikutaja malipo ya kodi kati ya njia za kuchukua mkataba. Kwa kampuni ndogo zisizochangisha pesa kwa watu wote, njia ya kwanza ni karatasi ya orodha: kila mkataba uliofanywa kwa ajili ya kampuni inayoundwa unaandikwa hapo, pamoja na aina yake na uzito wa deni lake. Washiriki wanaonyeshwa orodha hiyo kabla ya kutia sahihi katiba ya kampuni, nayo inaambatanishwa na katiba. Wakitia sahihi vyote viwili, kampuni inachukua mikataba hiyo siku inapoandikwa, na inahesabiwa kana kwamba yenyewe ndiyo iliyoifanya tangu mwanzo.

Karatasi hiyo ni ukurasa mmoja tu, na haidai pesa nyingi. Anayenunua katiba iliyopigwa chapa tayari bila kuuliza kama orodha iko ndani anajiweka hatarini mwenyewe.

Aliyesahau orodha bado ana njia ya pili, yaani mkutano wa kawaida wa washiriki baada ya kampuni kuundwa. Hapo kuna mtego. Waliofanya mkataba hawapigi kura, na sauti zao hazihesabiwi. Katika mfano wetu, mwenye deni anawategemea wenzake wawili, ambao biashara ikishaharibika hawana haraka ya kumwokoa. Na kama wote watatu walitia sahihi pamoja, nani atabaki wa kupiga kura? Ndiyo maana orodha ya mwanzo inashinda mkutano wa baadaye.

Kuna pia siku zile kati ya sahihi za katiba na kuandikwa RCCM. Kwa kipindi hicho washiriki wanaweza kumpa kiongozi wa kampuni ruhusa ya maandishi, lakini lazima itaje mikataba gani na kwa masharti gani. Ruhusa ya «kufanya yote yanayofaa» haitoshi.

Wengine wanaona sheria hii inamwonea mwanzilishi. Hapana. Mwenye depo alitoa funguo zake akimwona mtu, na si haki aambiwe baadaye kwamba alipangisha kivuli. Tena yeye pia ana hatari yake: kampuni ikichukua mkataba sawasawa, mtia sahihi anatoka, na mwenye depo anabaki na kampuni ambayo pengine haina kitu zaidi ya mzani. Hataulizwa kama anakubali. Akitaka mtu yule abaki mdhamini, aandike hivyo kwenye mkataba siku ile ile ya kwanza.

Na mkataba wenyewe uandikwe kwa jina la mtu, «kwa ajili ya kampuni inayoundwa», pamoja na jina ambalo kampuni itapewa. Kuandika jina la kampuni peke yake, kana kwamba iko tayari, ni kuwapa maavoka kazi ya bure.